Misumari kwenye mrututu: hesabu ya chuma imenikatalia, na zinki inakaa upande gani wa kaboni?

Mwl_wa_Zamu

Wakuu, salaam. Ninafundisha kemia kidato cha tatu, na wiki iliyopita niliwafanyia wanafunzi lile jaribio la kuonyesha orodha ya ukali wa metali, yaani kwamba chuma, kwa kuwa kiko juu ya shaba katika orodha, kinaweza kuipokonya shaba nafasi yake ndani ya chumvi. Niliyeyusha gramu 2.5 za fuwele za mrututu, yaani salfeti ya shaba, katika mililita 100 za maji, nikatumbukiza misumari niliyokwisha kuipima, nikaiacha usiku kucha. Asubuhi rangi ya buluu ilikuwa imekwisha kabisa. Niliikusanya shaba, nikaiosha, nikaikausha, nikapata gramu 0.61. Misumari nayo ilikuwa imepungua gramu 0.65.

Hapo ndipo hesabu iliponikatalia. Kila gramu 55.8 za chuma zinazoingia majini zinatoa gramu 63.5 za shaba, kwa hiyo gramu 0.61 za shaba zilitakiwa kunigharimu gramu 0.54 tu za chuma. Shaba inayotoka inapaswa kuwa nzito kuliko chuma kilichopotea, na kwangu imekuwa nyepesi. Mwanafunzi mmoja aliuliza kama ni orodha iliyokosea au ni mizani, nami nikamwomba anisubiri.

Swali langu la pili linatokana na hilohilo. Vitabu vinasema kwa mstari mmoja tu kwamba kaboni iko kati ya alumini na zinki, hivyo metali zilizo chini yake hutolewa kwenye mbale kwa mkaa na zilizo juu yake kwa umeme. Ningependa kuelewa mstari huo unatoka wapi, kwa sababu kaboni si metali na hakuna mtu aliyewahi kutumbukiza mkaa ndani ya mrututu akapata shaba.

Kidato_cha_Sita

Mwalimu, shikamoo. Jibu la kwanza ni rahisi. Maji ya mrututu yana asidi kidogo, na chuma kiko juu ya haidrojeni katika orodha, kwa hiyo sehemu ya chuma chako iliifukuza haidrojeni badala ya shaba. Chuma hicho kimeondoka bila kuacha chochote cha kupimwa. Ukichunguza utakuta kulikuwa na vipovu.

La pili ni kama kitabu kilivyosema, na hakuna siri zaidi. Kilicho juu kinamnyang'anya aliye chini, iwe ndani ya maji au ndani ya tanuri. Kaboni inainyang'anya zinki, chuma, risasi na shaba oksijeni yao, lakini haiiwezi alumini, magnesi, kalisi wala sodiamu. Hizo ndizo za umeme.

Fundi_Tanuri

Kijana hajakosea kuhusu asidi, ila sidhani kwamba asidi peke yake ingekula chuma chote hicho usiku mmoja katika mchanganyiko mwepesi namna hiyo. Mwalimu, kabla sijasema lolote naomba unijibu mambo matatu. Ulitumia misumari gani hasa? Buluu ilipokwisha, maji yalibaki na rangi gani? Na shaba yako ilikuwa ngozi nyekundu iliyong'ang'ania msumari, au ilikuwa kitu kingine?

Mwl_wa_Zamu

Misumari ilikuwa ile ya bati, yenye kofia pana, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa imebaki baada ya kuezeka stoo ya shule. Niliwakatisha wanafunzi kofia kwa msumeno ili misumari iingie vizuri kwenye bika. Maji yalibaki meupe kabisa kama ya kunywa. Shaba kwa kweli ilinishangaza, kwa sababu haikuwa ngozi nyekundu. Ilikuwa kama sifongo jeusi, na nilipoutikisa msumari likaanguka chini lenyewe. Lilipokauka liligeuka hudhurungi.

Fundi_Tanuri

Basi orodha haijakosea na mizani yako ni nzima. Jaribio ulilolifanya si la chuma na shaba, ni la zinki na shaba. Misumari ya bati hupakwa zinki ili isishike kutu, na zinki iko juu ya chuma katika orodha. Shaba iliyoko majini ilipokutana na msumari ilikutana kwanza na zinki.

Rudia hesabu kwa zinki. Gramu 65.4 zinaondoka, gramu 63.5 za shaba zinatoka. Kwa gramu zako 0.61 za shaba, zinki iliyotakiwa kupotea ni gramu 0.63. Wewe umepoteza 0.65. Tofauti iliyobaki ni ndogo, na hiyo ndiyo ninayoweza kumwachia kijana na vipovu vyake.

Rangi nayo inasema hivyohivyo. Chumvi ya chuma ingekuachia maji ya kijani hafifu, lakini chumvi ya zinki haina rangi. Hata lile sifongo jeusi ni ushahidi: kadiri metali mbili zinavyokaa mbali katika orodha, ndivyo shaba inavyotoka kwa pupa na kuwa unga laini usioshikamana, na unga laini wa metali huonekana mweusi hata kama ni shaba safi. Kwenye chuma shaba hutoka polepole zaidi, ndiyo maana hupata muda wa kujipanga na kuwa ngozi nyekundu.

Ukitaka kuhakikisha, chukua maji yaliyobaki umwagie matone ya soda kali, yaani haidroksaidi ya sodiamu. Mashapo ya chuma yatakuwa ya kijani chafu na yataanza kuwa kahawia yakipata hewa. Ya zinki ni meupe, na ukiendelea kuongeza soda yatayeyuka yote. Jaribu utuambie. Na ukirudia somo, tumia misumari ya kawaida isiyopakwa kitu, ipigwe msasa kwanza.

Mchenjuaji

Naomba kuingilia kati, kwa sababu mimi ninachenjua marudio ya dhahabu, yaani mabaki ya mchanga uliokwisha kuoshwa, kwa sainidi na jambo hili linanihusu. Kaboni ninayoitia ndani ya matangi ndiyo inayoipokonya dhahabu, sivyo? Kama kaboni iko juu ya zinki au chini yake tu, na dhahabu iko chini kabisa ya orodha, basi kumbe ninafanya jambo lilelile la mwalimu. Pia niliwahi kujaribu vipande vya zinki badala ya kaboni, nikapata unga mweusi nikaumwaga, nikidhani zinki imeharibika.

Fundi_Tanuri

Pole sana, ndugu yangu. Unga mweusi ulioumwaga huenda ndiyo ilikuwa dhahabu yako, kwa sababu iliyotolewa na zinki huwa hivyo kabla ya kuyeyushwa. Ni habari ileile ya sifongo la mwalimu.

Lakini kaboni ya matangini haifanyi kazi ya kupokonya. Ile inaidaka dhahabu juu ya vitundu vyake ikiwa bado imefungamana na sainidi, kama kitambaa kinavyonasa rangi. Dhahabu inakuwa metali baadaye, inapooshwa kutoka kwenye kaboni kwa maji ya moto yenye soda kali na sainidi, kisha ikapitishwa umeme na kuganda kwenye nyuzi za chuma. Zinki ndiyo inayopokonya kweli: inaingia majini yenyewe, na dhahabu inatoka.

Hapo pana jambo ambalo orodha ya ukutani haisemi. Orodha ile imepangwa kwa metali zilizo ndani ya maji ya kawaida. Dhahabu imekaa chini kabisa kwa sababu haikubali kuingia majini, lakini sainidi inaishika kwa nguvu kiasi kwamba oksijeni ya hewani peke yake inatosha kuiyeyusha. Ukibadilisha maji, ngazi zinahama. Zinki bado inabaki juu, ndiyo maana inafanya kazi, ila lazima hewa iondolewe kwanza kwenye maji, la sivyo dhahabu itayeyuka tena huku zinki ikiliwa bure. Na ukitaka kuondoa zinki iliyobaki kwa asidi, hakikisha kwanza unga umeoshwa ukaisha sainidi, kwa sababu asidi ikikutana na sainidi inatoa gesi inayoua papo hapo.

Wa_Kagera

Kwetu Buhaya wazee waliyeyusha chuma kwa mkaa kwa karne nyingi kabla ya chuma cha madukani, na hata leo mavi ya chuma yanaonekana ukilima baadhi ya mashamba. Nilikuwa ninadhani moto mkali ulikuwa wa kuyeyushia jiwe tu. Kama nimeelewa mjadala huu, je, moto huo ulikuwa unaongeza ukali wa kaboni?

Fundi_Tanuri

Umeuliza swali lenyewe la mwalimu kwa maneno mazuri kuliko ya kitabu. Ndiyo, moto unaiongezea kaboni nguvu, na hilo ndilo linaloamua habari yote ya tanuri.

Tuanze na mwalimu alipokwama. Mkaa hauwezi kuitoa shaba kwenye mrututu kwa sababu kwenye baridi kaboni imelala. Orodha ya majini inapima nani anaachia elektroni kirahisi. Tanuri linapima jambo jingine: nani anaishikilia oksijeni zaidi, na kwa joto gani. Ngazi mbili hizi zinafanana sana, kwa kuwa metali inayopenda kuachia elektroni kwa kawaida ndiyo inayoipenda oksijeni, lakini si ngazi moja.

Metali inapounguzwa, oksijeni iliyokuwa gesi huru inafungwa ndani ya jiwe gumu. Kadiri joto linavyopanda, kufungwa huko kunakuwa kugumu zaidi, kwa hiyo kila metali inalegeza mkono wake. Kaboni inakwenda kinyume. Yenyewe ni kitu kigumu, lakini ikiichukua oksijeni na kuwa monoksaidi ya kaboni, molekuli moja ya oksijeni inageuka kuwa molekuli mbili za gesi. Joto linapenda gesi. Kwa hiyo joto likipanda, metali zinalegea na kaboni inakaza. Nafasi ya kaboni katika orodha ni kama mtu anayepanda ngazi: ukimwuliza yuko daraja la ngapi, lazima useme ni saa ngapi.

Shaba iko karibu na miguu ya ngazi. Malakaiti, lile jiwe la kijani la Katanga, ukilichoma na mkaa linaachia oksijeni mapema sana, na moto mkali wa wafua shaba ulihitajika zaidi kwa ajili ya kufikia nyuzi 1,085 ili shaba imiminike kwenye kalibu. Chuma kinahitaji zaidi. Inabidi tanuri lijae monoksaidi ya kaboni na lipulizwe kwa mivukuto hadi nyuzi 1,200 hivi, mavi ya chuma yamiminike. Chuma chenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 1,538, na kwa kawaida tanuri za jadi hazikukiyeyusha; kilitoka kama bonge lenye matundu, likapigwa nyundo likiwa jekundu ili uchafu utoke. Kwa hiyo moto wa wazee wako ulifanya kazi mbili: uliipa kaboni nguvu, na uliyeyusha uchafu uachane na chuma.

Wa_Kagera

Nakushukuru. Wapo watafiti, Peter Schmidt na Donald Avery, walioandika mwaka 1978 kwamba tanuri za Wahaya zilikuwa zikiipasha hewa joto kabla haijafika kwenye moto, kwa kuwa midomo ya udongo ya mivukuto iliingizwa ndani kabisa ya tanuri. Je, hilo ni kweli?

Fundi_Tanuri

Midomo kuingizwa ndani ni kweli, na wazee walijenga tanuri mbele ya watafiti hao. Kama hewa ilipata joto la kutosha kubadilisha kazi ya tanuri, hilo wataalamu wengine wamelipinga, wakisema hewa inapita upesi mno ndani ya mdomo ule. Mimi sijashawishika na upande wowote.

Kidato_cha_Sita

Mkuu, nimekubali kuhusu joto. Lakini basi kitabu kiko sahihi: zinki iko chini ya kaboni ukifika joto fulani. Kama ni hivyo, kwa nini Wahaya au watu wa Katanga hawakutoa zinki kwa mkaa kama walivyotoa chuma na shaba? Mkaa ni uleule.

Fundi_Tanuri

Hapo umegusa penye utamu. Oksaidi ya zinki inakubali kupokonywa na kaboni ikifika nyuzi 950 hivi, joto ambalo tanuri la chuma linalipita bila shida:

```
ZnO + C → Zn + CO
```

Tatizo ni kwamba zinki inachemka kwenye nyuzi 907. Inazaliwa ikiwa mvuke. Chuma kinabaki kama bonge, shaba inatiririka chini, lakini zinki inapanda na moshi. Ikifika juu ambako kuna ubaridi kidogo na dioksaidi ya kaboni, kaboni inakuwa imeshuka ngazi tena, nayo zinki inajitwalia tena oksijeni yake. Aliyesimama pale anaona moshi mweupe tu ukitoka, na akitazama ndani ya tanuri hakuti kitu. Metali ilipatikana, ikapotea kabla hajaiona.

Waliolishinda jambo hili kwa wingi mapema ni wahunzi wa Zawar, katika Rajasthan ya India. Walijaza mbale na mkaa ndani ya vyungu vya udongo vilivyofungwa, wakavisimamisha kichwa chini juu ya bamba la udongo lenye matundu, moto ukawaka kuvizunguka kwa juu, na bomba la kila chungu likateremka hadi chumba cha chini chenye ubaridi. Mvuke ulishuka badala ya kupanda, ukapoa bila kukutana na hewa, ukadondoka ukiwa zinki. Ulaya hawakuwa na kiwanda cha namna hiyo hadi William Champion alipopata hataza yake huko Bristol mwaka 1738, naye pia aliushusha mvuke chini.

Kwa hiyo, kijana, orodha ilisema kweli kwamba kaboni inaiweza zinki. Haikusema utaikamata wapi.

Mwana_Lushi

Niko Lubumbashi, nami niliwahi kufanya kazi katika kiwanda cha zinki. Mbale ya Kipushi ina zinki na shaba pamoja, na katika kiwanda kile hapakuwa na tanuri la mkaa la kupokonyea zinki. Tulichoma mbale ya salfaidi ipate kuwa oksaidi, tukaiyeyusha katika asidi ya salfuriki, kisha tukapitisha umeme. Sasa ninyi mnasema umeme ni wa metali zilizo juu ya kaboni. Mnalipangaje?

Na niongeze hili, kwa kuwa mwalimu alianza na mrututu. Kabla ya umeme tulimwaga unga wa zinki ndani ya yale maji ya zinki. Mgeni angeshangaa kuona mtu anatupa bidhaa yake mwenyewe kwenye tangi, lakini unga ule unaipokonya nafasi shaba, kadimi na kobalti zilizofuatana na zinki, zikaganda zikachujwa. Kobalti ndiyo iliyokuwa sumbufu. Shaba ilitoka mara moja, lakini kobalti ilihitaji maji ya moto na unga mwingi zaidi, ingawa kwa orodha ilipaswa kutoka yenyewe.

Kidato_cha_Sita

Hapo sielewi kabisa. Haidrojeni iko chini ya zinki. Ukipitisha umeme katika maji yenye asidi, haidrojeni ndiyo itakayotoka kwanza, na zinki haitatoka kamwe.

Mwana_Lushi

Kwa orodha unasema kweli, ndugu, lakini mimi nimebandua mabamba ya zinki kwa mikono yangu. Yalikuwa yakiganda juu ya mabamba ya alumini, na tuliyachomoa baada ya siku moja au mbili. Siku ambazo maji hayakusafishwa vizuri, zinki iliyokwisha kuganda ilianza kuliwa upya, bamba likajaa matundu kama limetobolewa na wadudu, na vipovu vikajaa kwenye tangi.

Fundi_Tanuri

Mwana_Lushi ameeleza yote, nami ninaongeza sababu tu. Orodha inasema nani anastahili kutoka kwanza, lakini haisemi nani atawahi. Juu ya uso wa zinki safi haidrojeni inapata shida kubwa kujiunga na kuwa gesi, inachelewa, na zinki inaitangulia. Chembe ya kobalti au antimoni ikiganda juu ya bamba, haidrojeni inapata mlango wa kupitia, orodha inarudi kazini, na zinki inaanza kuyeyuka. Ndiyo maana walisafisha maji kwa ukali ule. Ucheleweshaji wa namna hiyo ndio pia unaoifanya kobalti isikubali kutoka upesi.

Kuhusu umeme kutumika chini ya kaboni: mstari wa kitabu unasema kinachowezekana, haulazimishi. Zinki inaweza kutolewa kwa kaboni, na bado inafanyika mahali pachache, lakini kukusanya mvuke ule ni kazi na metali inayotoka ina risasi na kadimi ndani yake. Umeme unatoa zinki safi kwa takriban uniti 3 hadi 4 kwa kilo. Alumini haina uchaguzi. Ingehitaji takriban nyuzi 2,000 ili kaboni iiweze, na hapo mkaa unaanza kuungana na alumini yenyewe. Wala huwezi kuitoa majini kama zinki, kwa kuwa iko juu mno na haidrojeni itawahi tu. Kwa hiyo oksaidi yake inayeyushwa ndani ya kriolaiti kwenye nyuzi 960 hivi, na kila kilo inakula uniti 13 hadi 15. Hata humo kaboni haijafukuzwa kazi, kwa sababu anodi ni ya kaboni na inaungua ikichukua oksijeni. Umeme unaisaidia kupanda ngazi ambazo moto umeshindwa kuipandisha.

Mwl_wa_Zamu

Nimerudi na majibu ya soda kali. Matone ya kwanza yalileta mashapo meupe mazito. Nilipoongeza, karibu yote yaliyeyuka, kwa hiyo zinki imethibitika. Lakini chini ya bomba la majaribio yalibaki mashapo machache ya kijani, na baada ya dakika kumi yalikuwa yamegeuka kahawia. Kuna chuma kidogo. Nilidhani zinki inakilinda chuma hadi yenyewe iishe, na bado misumari ina ngozi ya zinki inayoonekana kwa macho.

Kidato_cha_Sita

Ni pale ulipowakatisha kofia, mwalimu. Msumeno uliacha chuma kitupu, na mrututu ukakigusa moja kwa moja.

Fundi_Tanuri

Inawezekana, ingawa chuma kitupu kilichoshikana na zinki ndani ya maji yaleyale kilipaswa kulindwa. Huenda sifongo la shaba lilifunika zinki ya karibu ikashindwa kukilinda, au ncha zilikuwa hazikupakwa vizuri tangu kiwandani. Pima tena kwa misumari isiyokatwa, na uichomoe baada ya saa moja badala ya kuiacha usiku kucha.

Mwl_wa_Zamu

Nimebakiwa na misumari kumi na minne mizima. Jumatatu nitaigawa: saba nitaikata, saba nitaiacha, niitie kwenye bika mbili zenye mrututu uleule, kisha nilete hapa mashapo ya kila upande.